Mwizi Hasumbuki na Mlango, Anatafuta Fremu: Chuma, Mbao au Alumini?

Watu wakijenga nyumba, mlango wa mbele ndio huongelewa sana. Mtu atakuonyesha picha 20 kwa simu, huu una maua, huu una kioo, huu una mpini mrefu wa dhahabu. Ukimuuliza fremu itakuwa ya nini, anakuangalia tu. Fremu inaachiwa fundi, na fundi anaweka ile amezoea.

Maoni yangu, na niko tayari kubishana na yeyote, ni kwamba mambo yanafaa kwenda kinyume. Fremu ichaguliwe kwanza, mlango ufuate. Sababu ni rahisi. Mlango ukikushinda unaung'oa kwa bawaba na kuweka mwingine siku hiyo hiyo. Fremu iko ndani ya ukuta. Kuibadilisha ni kubomoa plasta, kuvunja mawe, kupiga plasta upya na kupaka rangi upya.

Mwaka huu nimekuwa nikisimamia ujenzi wa nyumba ya mamangu huko Kitengela. Niliacha chuo, kwa hivyo katika familia yetu mwenye nafasi ya kushinda saiti kutoka asubuhi mpaka jioni ni mimi. Ni nyumba ya vyumba 3, kuta za mawe ya kuchonga, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kugeuka ugali wakati wa mvua. Mathe ataishi humo na dadangu mdogo aliye shule ya sekondari. Jirani wa karibu yuko mbali kiasi kwamba ukipiga nduru usiku, labda mbwa wake ndiye atakusikia.

Mbele kidogo kuna nyumba iliyovunjwa kabla hatujaanza msingi. Nilienda kuiangalia kwa sababu nilitaka kujua waliingiaje. Mlango ulikuwa wa chuma, mzito, na kitasa chake kilikuwa bado kimefungwa. Hawakukigusa. Waliweka mtaimbo kati ya fremu na ukuta, wakasukuma, fremu ikatoka pamoja na mlango wake kama jino bovu. Nilipochungulia ndani ya ukuta nikaona sababu. Vile vipande vya chuma vinavyoishikilia fremu ukutani vilikuwa 2 kila upande, vifupi kama kidole, na vilikuwa vimezibwa na mota iliyosagika nilipoigusa kwa ukucha. Mwenye nyumba alilipia mlango wa nguvu, lakini mlango ule ulikuwa umeshikwa na mchanga.

Kutoka siku hiyo swali langu halikuwa tena gani ni ngumu kati ya chuma, mbao na alumini. Likawa: kila moja inashikwaje na ukuta, na miaka 10 ikipita itakuwa bado imeshikwa?

Fremu inafanya kazi gani

Kiswahili kina majina mazuri ya hizi sehemu, hata kama saiti hatuyatumii. Nguzo mbili za pembeni zinaitwa miimo, moja ni mwimo. Kipande cha juu ni kizingiti cha juu, na cha chini unachovuka ukiingia ni kizingiti cha chini. Ukienda Lamu utaona milango ya mbao ambayo miimo yake na kizingiti vimechongwa maua, na katikati kuna nguzo inayoitwa mfaa pale mabawa mawili yanapokutana. Fremu ndiyo ilipewa heshima, si mlango peke yake.

Mwimo mmoja umebeba uzito wote wa mlango kupitia bawaba. Mwimo wa pili unapokea ulimi wa kitasa. Kwa hivyo mtu akipiga teke mlango, nguvu yote inaishia kwenye mwimo wa kitasa, na kutoka hapo inaingia ukutani. Pakiwa na pahali padhaifu kwenye hiyo njia, hapo ndipo patakapofunguka. Bei ya kitasa haisaidii kitu kama ulimi wake umeingia kwenye kitu laini.

Sasa tuangalie hizo tatu, moja moja.

Mbao

Mathe alitaka mbao. Kwao ushagoo babake aliweka fremu ya mvule, na mpaka leo iko wima, imekuwa nyeusi tu kwa moshi na mikono ya watu. Mvule ni mti ambao mchwa hawaupendi, na ukiwa mkavu haujipindi ovyo. Shida ni kwamba fremu ya babu na fremu utakayouziwa barabarani leo ni vitu viwili tofauti.

Mbao nyingi za bei nafuu hapa kwetu ni za saipresi au mkaratusi. Serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, na bei ikapanda. Mbao ngumu kama mahogani nyingi zinatoka Kongo, nazo si za bei ya huruma. Mwenye kuuza akiwa na haraka anauza mbao ambayo bado ina maji. Ukiiweka ukutani ikiwa hivyo, itaendelea kukauka hapo hapo. Mbao ikikauka hupungua upana, si urefu, kwa hivyo mwimo unajivuta kutoka kwa plasta na kuacha ufa. Ufa huo ndio njia ya maji, ya mchwa na ya mtaimbo.

Njia ya kujua ni hii. Inua kipande kimoja kisha kingine cha saizi hiyo hiyo. Kilicho kizito kupita wenzake mara nyingi kina maji. Kiguse na shavu, mbao mbichi huwa baridi. Angalia ncha zake, kama zimeanza kupasuka wakati katikati bado ni baridi, bado inakauka. Ukiipenda hata hivyo, inunue mapema, ipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa kabla ya kuitengeneza fremu.

Kuna mchwa pia. Hawaanzii juu, wanaanzia pale mwimo unapogusa sakafu, hasa kama fundi amezamisha ncha ya mbao ndani ya zege. Wanapanda katikati ya mbao na kuacha ngozi ya nje, kwa hivyo unaweza kuona fremu nzuri iliyopakwa vanishi kumbe ndani ni unga. Igonge na mpini wa nyundo kutoka chini kwenda juu. Ikilia kama ngoma sehemu moja na kama jiwe sehemu nyingine, una wageni. Kinga yake ni dawa ya mchwa kwenye ncha za chini na upande wa nyuma kabla ya kuiweka, na kutoruhusu mbao iguse udongo.

Upande wa usalama, mbao ngumu si mchezo. Udhaifu wake uko pale ulimi wa kitasa unapoingia, kwa sababu hapo fundi amechimba shimo na kubakisha ukuta mwembamba wa mbao. Kile kibati cha kupokea ulimi huja na skrubu fupi za nusu inchi. Teke moja la mtu mzima linapasua hapo. Skrubu za inchi 3 na kibati kirefu hubadilisha hali kabisa, kwa sababu sasa nguvu inasambaa kwenye mwimo mrefu badala ya kuishia kwenye shimo.

Alumini

Huyu ndiye alipendekezwa na anko wangu anayeishi Kilifi. Yeye aliweka alumini nyumba nzima na anaisifu kila harusi. Na kwake, anko ana haki. Hewa ya baharini ina chumvi, na chumvi inakula chuma mbele ya macho yako. Alumini hujitengenezea utando mwembamba juu yake unaozuia kutu, na ikipakwa rangi ya unga ya kiwandani, inakaa miaka bila kuhitaji brashi. Hata mchwa hana la kufanya nayo.

Lakini Kitengela si Kilifi. Hatuna chumvi ya bahari, kwa hivyo faida kubwa ya alumini huku haina kazi kubwa, na udhaifu wake unabaki pale pale. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, na ugumu wake wa kupinda ni karibu theluthi moja pia. Ile fremu unayoiona ni nene lakini ndani ni wazi, na ukuta wake ni wa milimita moja na kidogo hivi. Mtaimbo ukiingia kati ya mlango na fremu, mwimo unajikunja na ulimi wa kitasa unatoka kwenye shimo lake. Ndiyo maana utaona wenye milango ya alumini huku kwetu wanaweka geti la chuma juu yake. Ukifika hapo, umenunua milango miwili.

Kuna pia suala la kioo, kwa sababu milango mingi ya alumini ina kioo. Kile kioo kinachovunjika vipande vidogo vidogo kama mahindi kinazuia kukatwa, lakini kikivunjika kinaanguka chote na kuacha tundu. Kwa mlango wa mbele unataka kile cha vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati, kinachopasuka na bado kubaki mahali pake. Bei haifanani, na muuzaji asipoulizwa hatakuambia.

Na kwa yeyote anayeichagua: alumini haipendi saruji mbichi. Mota ikiirukia na kukaukia hapo, inaila na kuacha madoa ambayo hayatoki. Kwa hivyo fremu ya alumini inawekwa mwisho, baada ya plasta kukauka, kwa kutoboa na kukaza skrubu ndefu ukutani. Usikubali iwekwe mapema eti fundi yuko karibu. Ukiwa pwani, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida na alumini vikigusana kwenye chumvi na unyevu, alumini inaharibika kuzunguka kila skrubu.

Chuma

Fundi wetu alitaka chuma tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na shaka kwamba anamtafutia rafiki yake wa kuchomelea kazi, na ilikuwa kweli, alinikubalia akicheka. Lakini hata mtu mwenye faida yake anaweza kuwa na hoja.

Fremu ya chuma inapimwa kwa geji, na hapa ndipo wengi wanachezwa. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 16 ni karibu milimita 1.5, geji 18 ni karibu 1.2, na geji 20 iko chini ya milimita 1 kidogo. Ukishapaka rangi zote zinafanana. Utaambiwa 16 na kuletewa 18, na tofauti ya bei inaingia mfuko wa mtu. Nilinunua kalipa ndogo ya plastiki kwa hadwea, nikaenda jua kali kabla fremu haijapakwa rangi, nikapima ukingo wa bati. Mwenye kuchomelea aliponiona na kalipa alicheka pia, lakini bati lilikuwa 1.5.

Kinachonifanya niipende chuma si ugumu wake tu, ni vile inavyoshikwa. Vile vishikio vinachomelewa moja kwa moja kwenye mwimo, vinakuwa kitu kimoja nao. Mwimo wenyewe umekunjwa kama mfereji, kwa hivyo ukijazwa mota nyuma, unakuwa kama nguzo ya zege iliyovaa koti la chuma. Mtaimbo haupati pahali pa kuanzia.

Adui wake ni kutu, na kutu ya fremu ina tabia. Haianzi katikati, inaanza kwenye miguu, sentimita 10 za chini. Hapo ndipo maji ya kupiga deki hufika kila siku, na ndipo mvua ya kuruka hugonga. Ukiona rangi imevimba hapo kama malengelenge, ujue chini yake kutu ilishaanza. Watu hupaka rangi mpya juu na inavimba tena baada ya miezi michache. Lazima ukwangue mpaka chuma kiwe cheupe ndipo upake redoksaidi, kisha rangi.

Hesabu yetu

Nafasi yetu ya mlango ni futi 4 kwa 7. Niliuliza bei pahali kadhaa, na hizi hapa ndizo nilizopewa. Zako zitakuwa tofauti, lakini angalia vile zinavyojengeka.

Kwa mbao, fremu inahitaji kama futi 20 za mahogani ya 6 kwa 2, miimo miwili na kizingiti pamoja na kiasi cha kukata. Kwa shilingi 280 futi moja, hiyo ni 5,600. Kutengeneza ni 2,000. Mlango wenyewe wa mahogani, bawa kubwa na dogo, 24,000. Kitasa, bawaba na komeo 5,000, vanishi 2,000. Jumla 38,600. Ningeweza kushusha fremu hadi karibu 1,600 kwa saipresi, lakini kuweka mlango wa 24,000 kwenye saipresi mbichi katika nchi ya mchwa ni kama kumvisha mtu suti na malapa.

Kwa alumini, bei huwa ya mlango pamoja na fremu. Tuliambiwa shilingi 1,000 kwa futi mraba, na futi 4 kwa 7 ni futi mraba 28, kwa hivyo 28,000. Geti la chuma la kuweka nje, 9,000. Jumla 37,000.

Kwa chuma, fremu ya geji 16 na mlango wake, kitasa na makomeo yakiwemo, 27,000. Niliongeza 1,200 za vishikio virefu na 800 za redoksaidi. Jumla 29,000. Kila baada ya miaka 3 au 4 kutakuwa na gharama ya rangi, tuseme 1,500. Hata ukihesabu miaka 12, bado iko chini ya zile zingine mbili, na mbao nayo inahitaji vanishi yake, mara nyingi zaidi kwenye jua la huku.

Nilimwekea mathe hizo karatasi tatu mezani. Alizisoma kimya, akauliza swali moja tu: "Na hii ya chuma, mtu akija na mtaimbo kama kule, itakaa?" Nikamwambia itakaa ikiwekwa vizuri. "Basi iwekwe vizuri," akasema, "na wewe usitoke hapo mpaka wamalize." Ndoto ya mbao akaihamishia mlango wa chumba chake cha kulala, ambako hakuna mvua wala mtaimbo.

Siku ya kuiweka

Fremu ya chuma, na hata ya mbao, inafaa kusimama kabla ukuta haujapanda, si baada. Mawe yanajengwa yakiifuata, na kila kishikio kinalala kati ya kozi mbili za mawe, ndani ya mota mbichi. Ile nyumba iliyovunjwa ilifanywa kinyume. Ukuta ulimalizwa, mashimo yakachongwa, vishikio vikaingizwa na kuzibwa. Kiraka hakishiki kama mota iliyobanwa na uzito wa ukuta mzima. Kwa hivyo ukichagua chuma au mbao, pesa ya fremu itakikana mapema, wakati ukuta uko msingi. Wengi huiahirisha kwa sababu pesa imeishia kwenye mawe, na hapo ndipo usalama unapotea bila mtu kujua.

Sisi tuliweka vishikio 4 kila upande badala ya 3, na moja tukaiweka sawa kabisa na urefu wa kitasa. Kila kimoja kina urefu wa inchi 8, ncha yake imepasuliwa na kukunjwa pande mbili kama mkia wa samaki, ili ikivutwa ikatae. Nyuma ya miimo tulipaka redoksaidi mara mbili kabla, kwa sababu ukishajaza mota huko nyuma hutapaona tena maisha yako yote. Miguu ya chini tuliipaka rangi ya lami mpaka juu kidogo ya usawa wa sakafu.

Kisha tukasimamisha. Fundi alitumia timazi kuangalia wima, mwimo mmoja baada ya mwingine, mbele na kando. Tukaweka kipande cha mbao kati ya miimo chini na kingine katikati, kwa sababu mota mbichi ikijazwa nyuma inasukuma, na mwimo mrefu unaweza kuingia ndani kama tumbo. Ukitoa hizo mbao mapema, mlango hautafunga, na watakuambia waukwangue.

Kipimo cha mwisho hata mtoto wa darasa la sita anaweza kukifanya. Pima mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu ule mwingine. Lazima vilingane. Nafasi yetu ndani ya fremu ilikuwa sentimita 120 kwa 210, kwa hivyo kila mshazari unafaa kuwa karibu 242. Wa kwanza ulikuwa 242. Wa pili ukatoka 243 na nusu. Fundi alisema hiyo ni kitu kidogo. Nikamwambia, "Fundi, mathe amesema nisitoke hapa." Alinung'unika, akagonga mguu mmoja wa fremu na kipande cha mbao mara tatu, tukapima tena. Zikawa sawa. Mota ilikuwa bado mbichi, kazi ilichukua dakika 5. Kesho yake ingechukua nyundo kubwa.

Sitasema fremu yoyote inashinda udongo mweusi. Udongo huo ukivimba na kusinyaa, nyumba yenye msingi hafifu inajisokota, na fremu ya kitu chochote itapinda nayo. Dalili yake ni ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya juu ya mlango, na mlango unaokwama wakati wa mvua na kulegea wakati wa jua. Ukiona hivyo, usimwite fundi wa milango, mwite wa msingi. Sisi tulichimba mpaka tukapita udongo mweusi wote na kufika murramu, na hiyo ndiyo kazi iliyoilinda fremu yetu kabla hata haijanunuliwa.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye bei ya fremu ni paa la baraza. Tumelisukuma mbele futi 5 kutoka mlangoni na kuteremsha sakafu ya nje kidogo ili maji yakimbie mbali. Kwa kutu, kwa vanishi na hata kwa rangi ya alumini, hicho kivuli kinafanya kazi kuliko kopo lolote la rangi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ukiwa pwani na upepo wa chumvi unakufikia, chagua alumini nzito yenye kioo cha utando, na ujue utahitaji geti, au chagua mbao ngumu iliyokauka kama wazee wa Lamu. Ukiwa na mbao ngumu kavu mkononi, si ya kuahidiwa, na uko pahali pa baridi bila mchwa wengi, mbao itakuzika. Ukiwa kwenye tambarare kama sisi, chuma cha geji 16 kilichoshikwa na ukuta tangu chini ndicho kitakachokulinda kwa pesa kidogo.

Na kama unahamia nyumba ambayo tayari imejengwa, usianze na kitasa. Funga mlango, simama nje, weka kiganja kwenye fremu karibu na kitasa, sukuma kwa bega huku macho yako yakiwa pale fremu inapokutana na plasta. Ukiona ufa unapumua, hata unene wa karatasi, umejua mwizi ataanzia wapi. Mwambie mwenye nyumba leo, kabla hujalipa depositi.